Jedwali limejaa, kichwa kitupu: kurekebisha vikumbusho na majedwali ya dawa za TB

Mwaka wa tatu tulipewa lekcha ya dawa za kifua kikuu yenye slaidi sitini na ushee. Nikaziminya zote kwenye jedwali moja la dawa nne na safu kumi na moja, nikalipaka rangi hadi likapendeza, nikalibandika ukutani juu ya kitanda. Siku ya mtihani wa mdomo mtahini akaniuliza swali moja tu: mgonjwa wako wa TB anasema siku hizi taa nyekundu na ya kijani barabarani anaziona sawa, utasimamisha dawa gani? Nikaanza kulisoma jedwali kichwani kutoka juu, rifampisini na mambo yake yote, kisha isoniazidi na yake. Sikuwahi kufika mstari wa nne. Jibu lilikuwa mstari wa nne.

Tangu hapo nimeendesha diskasheni nyingi na wadogo zangu wa madarasa ya chini, na malalamiko wanayokuja nayo hayazidi matano. Nitayapitia kwa dawa hizohizo nne, kwa sababu kila anayesoma udaktari, uuguzi au ufamasia huku kwetu atakutana nazo, na kwa sababu zinafundisha vizuri jinsi kikumbusho kinavyovunjika.

"Herufi nazikumbuka, dawa zinanitoroka"

Huyu atakutajia RIPE bila kusita. Mwulize P ni nini, atasema pirazinamidi. Mpe kadi ya mgonjwa iliyoandikwa 2RHZE/4RH, anabaki anaitazama.

Chanzo ni kwamba anatumia seti mbili za herufi bila kujua kuwa ni mbili. RIPE ni kikumbusho cha wanafunzi: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli. RHZE ndiyo herufi rasmi, zile zinazotumika kwenye kadi, kwenye miongozo na kwenye maboksi ya dawa. R na E hazibadiliki. H ni isoniazidi, imetoka kwenye neno haidrazidi lililomo ndani ya jina lake refu la kikemia. Z ni pirazinamidi, imechukuliwa katikati ya jina. Maandishi yale yanasomeka hivi: miezi 2 ya dawa zote nne, kisha miezi 4 ya R na H peke yake.

Mchanganyo huu unauma zaidi sasa kuliko zamani. Kuanzia 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza pia matibabu ya miezi minne kwa baadhi ya wagonjwa, na humo herufi P ni rifapentini, ndugu yake rifampisini. Aliyezoea RIPE akikutana na 2HPMZ/2HPM atadhani pirazinamidi imeandikwa mara mbili. M hapo ni moksifloksasini.

Dawa yake ni kuachana na RIPE kabisa. Kama herufi rasmi ipo, jenga kikumbusho juu ya hiyo hata kama haisomeki kama neno. Kwa RHZE wenzangu walitunga "Rehema Huzoa Zabibu Ezekieli", sentensi isiyo na kichwa wala miguu, na inafanya kazi. Jipime hivi: andika Z kwenye karatasi, mpe mwenzako akuulize ni dawa gani na inatolewa kwa miezi mingapi. Ukijibu moja ukakwama la pili, bado una herufi tu mkononi.

"Dawa nazijua, madhara nachanganya"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na linahitaji muda.

Anayechanganya madhara kwa kawaida amekariri orodha mbili sambamba: dawa nne upande huu, madhara manne upande ule, na kinachoziunganisha ni mpangilio tu. Ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Mpangilio ukivurugika, kama unavyovurugika kwenye chumba cha mtihani, ganzi inahamia kwa pirazinamidi na macho yanakwenda kwa isoniazidi. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: mtu anakosea kwa kubadilishana. Hasahau lile dhara, analipa dawa ya jirani.

Tiba ni kulifunga dhara ndani ya jina la dawa lenyewe, kwa sauti inayosikika ukilitamka jina. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambazo hazimo kwenye vitabu tunavyosomea.

Ethambutoli ina *mbu* katikati. Mbu kaingia jichoni: uoni unafifia, nyekundu na kijani hazitofautiki. Hii ni kuathirika kwa neva ya jicho, na huja zaidi kipimo cha dawa kikiwa kikubwa au figo zikiwa dhaifu, maana ethambutoli hutoka mwilini kwa njia ya figo.

Isoniazidi inaishia na *zidi*. Ganzi inazidi: miguuni kwanza, nyayo zinawaka moto, kisha mikononi. Isoniazidi inavuruga matumizi ya vitamini B6 mwilini, ndiyo maana walio hatarini, kama wajawazito, wenye VVU, wenye kisukari, wanywaji pombe na waliodhoofika kwa lishe, hupewa piridoksini tangu mwanzo, miligramu 10 hadi 25 kwa siku.

Pirazinamidi inaanza na *pira*. Nenda moja kwa moja kwenye mpira: kidole gumba cha mguu cha mchezaji kimevimba baada ya kupiga mpira vibaya. Dawa hii inazuia figo kutoa asidi ya yuriki, asidi inapanda kwenye damu, viungo vinauma, na mara chache mtu anapata jongo kamili, ambalo hupenda kuanzia kwenye kidole hichohicho.

Rifampisini ni R ya *rangi*. Mkojo, machozi na jasho vinakuwa rangi ya chungwa, na lenzi laini za macho zinaweza kupata madoa yasiyotoka.

Zingatia kwamba tatu za kwanza zinabaki hata ukiziandika kwa tahajia ya mtihani, kwa sababu herufi za mbu na za zid zimo kwenye jina kwa lugha zote mbili, na pira inasikika ingawa herufi moja inabadilika. Usilidharau jambo hili. Mtihani wetu hauandikwi kwa Kiswahili, na ndoano inayoshika kwa tahajia ya nyumbani tu itakatika ukumbini.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja alipoangukia. Alifurahi sana kugundua kwamba rifampisini inaishia na *ini*, na ni kweli inaweza kulidhuru ini. Ndoano ikaonekana kamili. Siku tatu baadaye, kwenye maswali ya mazoezi, alijibu kwamba streptomaisini inaumiza ini, kwa sababu nayo inaishia na ini, wakati sifa yake mbaya ni masikio na figo. Penisilini nayo inaishia hivyohivyo. Amoksisilini pia. Nusu ya kabati la famasia inaishia na ini. Tena kwenye tahajia ya mtihani ile i ya mwisho haipo kabisa.

Kwa hiyo kabla hujaiamini ndoano yoyote, ipitishe kwenye swali hili: kuna dawa nyingine ninayoijua ambayo ndoano hii inaishika pia? Kama ipo, itupe, hata kama inachekesha. Ndoano inayochekesha ndiyo ngumu kuitupa, na ndiyo inayokaa kichwani muda mrefu zaidi ikiwa na kosa lake.

"Nimejaza jedwali lote lakini halinisaidii"

Leta jedwali lako tulione. Karibu kila mara nakuta vichwa vya safu ni vilevile vya slaidi za mhadhiri, kwa mpangilio uleule: historia, muundo, utendaji, ufyonzwaji, usambazaji, utokaji, matumizi, madhara, tahadhari. Huko ni kuhamisha lekcha kutoka slaidi kwenda kwenye viboksi. Hujalinganisha chochote.

Nina kipimo kimoja cha safu, na sijaona haja ya kingine. Funika majina ya dawa kwa karatasi. Soma safu hiyo peke yake. Je, kwa kila kiboksi unaweza kusema ni dawa gani? Safu ya "kichefuchefu na vipele" itakujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hiyo iondoe, iandike kama sentensi moja juu ya jedwali: zote nne zinaweza kuleta kichefuchefu na vipele. Safu ya "inamezwa kwa mdomo" nayo itoke. Safu ya ini inabaki, si kwa sababu inatofautisha zote nne bali kwa sababu inamtenga mmoja: tatu zinaumiza ini, ethambutoli kwa kawaida haiumizi. Mwanafunzi anayesema "dawa za TB zinaua ini" anakuwa amepoteza taarifa muhimu kuliko zote wodini, kwamba kuna moja ambayo kwa kawaida si ya kulaumiwa ini likiwa taabani.

Safu ya utendaji ina mtego wake. Isoniazidi na ethambutoli zote mbili zinavuruga ukuta wa bakteria, na ukiandika "ukuta" kwenye viboksi vyote viwili umeua tofauti. Shuka ngazi moja: isoniazidi inazuia asidi ya maikoliki, ethambutoli inazuia arabinogalaktani. Kanuni ni kwamba viboksi viwili vikifanana, ongeza neno moja tu mpaka vitofautiane, kisha simama. Usiongeze la pili.

Baada ya kuchuja, kati ya safu zangu kumi na moja zilibaki tatu, na moja nikaiongeza mwenyewe:

| Dawa | Inagonga wapi | Alama yake | Ini | Alama ikitokea |
|---|---|---|---|---|
| Rifampisini (R) | Utengenezaji wa RNA | Mkojo rangi ya chungwa | Ndiyo | Mtoe hofu, endelea |
| Isoniazidi (H) | Ukuta: asidi ya maikoliki | Ganzi, nyayo kuwaka | Ndiyo | Piridoksini, endelea |
| Pirazinamidi (Z) | Bakteria waliojificha penye asidi | Viungo kuuma | Ndiyo, kuliko wenzake | Dawa ya maumivu, endelea |
| Ethambutoli (E) | Ukuta: arabinogalaktani | Nyekundu na kijani sawa | Kwa nadra sana | Isimamishe mara moja |

Safu ya mwisho haikuwepo kwenye lekcha. Niliiongeza baada ya ule mtihani wa mdomo, na ndiyo iliyonifanya nione kitu ambacho slaidi sitini hazikunionyesha: alama tatu kati ya nne hazisimamishi dawa, ni jicho tu linalosimamisha. Nyongeza moja ya utendaji kwa wanaoingia wodini: siku hizi dawa zote nne zimo ndani ya kidonge kimoja, miligramu 150 za R, 75 za H, 400 za Z na 275 za E. Huwezi "kusimamisha ethambutoli" kwa kumwambia mgonjwa aruke kitu. Lazima abadilishiwe vidonge.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikuingia kwenye jedwali ingawa ni kikubwa, nacho ni rifampisini kuharakisha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Vidonge vya uzazi wa mpango vinakosa nguvu, na anayetumia dolutegraviri ya VVU anaongezewa dozi, miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Hii ni tabia ya dawa moja tu. Kuitengenezea safu ni kuweka viboksi vitatu vyenye kistari, na viboksi vyenye kistari vinafundisha jicho kuruka. Iandike pembeni.

"Nikiulizwa kinyumenyume nakwama"

Ndilo lililonipata mimi. Lekcha inakwenda kutoka dawa kwenda dhara. Mgonjwa anakuja na dhara, wewe utafute dawa. Ukijisomea upande mmoja tu, njia ya pili haijawahi kukanyagwa.

Nikusimulie tunavyofanya mazoezi. Mmoja anakuwa mgonjwa, anafungua jedwali, anachagua kiboksi kimoja na kukisema kwa lugha ya mtaani. Hasemi "uoni hafifu wa rangi". Anasema, "Dokta, juzi sokoni nimenunua nyanya, nimefika nyumbani mke wangu ananiambia nusu ni mbichi." Mwenzake ana sekunde kumi za kutaja dawa, na kumi nyingine za kusema atafanya nini. Akianza kuorodhesha kutoka rifampisini, tunamkatiza hapohapo. Mara ya kwanza karibu wote wanaorodhesha. Baada ya mizunguko kama mitano, wengi wanaanza kusema "mbu" kabla mgonjwa hajamaliza sentensi.

Lugha ya mtaani hapa si mzaha. Mgonjwa hatakuambia ana tatizo la neva za pembeni. Atasema miguu inamchomachoma usiku kama kakanyaga makaa, au viatu anavyovaa havisikii. Kama kikumbusho chako kimefungwa kwenye neno la kitabuni, hakitaamka ukisikia hayo.

"Jedwali langu linapingana na wodi"

Hili fupi. Ukikuta kwenye noti za kaka au dada aliyekutangulia mstari wa tano wa streptomaisini, na matibabu ya kurudia ya miezi minane yenye sindano, hizo ni noti za zamani. Shirika la Afya Duniani lilielekeza 2017 kwamba matibabu hayo yasitumike tena, na mgonjwa aliyerudi apimwe kwanza usugu wa dawa. Andika mwaka wa mwongozo kwenye kona ya kila jedwali. Lisilo na mwaka usilirithi.

Mahali ambapo kikumbusho kizuri kinadanganya

Nimeacha hili mwisho kwa sababu si kosa la utengenezaji. Ndoano ni sahihi, jedwali ni sahihi, na bado linaweza kukupoteza.

Wodini tulikuwa na mzee wa kilo 52, vidonge vitatu kila asubuhi, wiki ya tano ya matibabu. Kwenye raundi akasema mkojo una rangi. Mwenzangu, ambaye tulitunga naye vikumbusho hivi, akaruka: R ya rangi, rifampisini, mtoe hofu, endelea. Akaanza kumtoa hofu. Nesi aliyekuwa pembeni akamwuliza swali ambalo sisi hatukuwa nalo kwenye jedwali.

"Shikamoo mzee. Hiyo rangi imeanza lini?"

"Marahaba. Ile ya chungwa toka siku ya kwanza, mwanangu, mlishaniambia. Hii ya sasa ni ya juzi. Ni kama chai ya rangi. Na chakula sikitaki kabisa."

Nesi akamvuta kope ya chini karibu na dirisha. Weupe wa jicho ulikuwa umeanza kuwa wa njano.

Mkojo wa rifampisini ni wa chungwa au mwekundumwekundu, unaanza na dozi ya kwanza, unakolea saa chache baada ya kumeza dawa na kupungua baadaye, na mgonjwa anajisikia vizuri. Mkojo wa ini lililoumia ni mweusimweusi kama chai isiyo na maziwa, unaanza baada ya siku au wiki, haujali umemeza dawa saa ngapi, na unakuja na kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, wakati mwingine maumivu chini ya mbavu za kulia. Vyote viwili mgonjwa anaviita kwa jina moja: mkojo una rangi.

Na hapo jedwali linafika mwisho wake. Safu ya ini inasema ndiyo kwa dawa tatu, na hakuna namna ya kujua kwa kumtazama mgonjwa ni ipi kati ya hizo imelidhuru. Kwa hiyo huchagui. Dawa zote za TB zinasimamishwa, vipimo vya ini vinachukuliwa, na sababu nyingine kama homa ya ini ya virusi na pombe zinatafutwa. Kimeng'enya cha ALT kikiwa kimepanda zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida huku mgonjwa ana dalili, au zaidi ya mara 5 hata kama hana dalili, ndipo pa kusimamisha. Ini likitulia, dawa zinarudishwa moja baada ya nyingine, siku kadhaa kati yake, kwa kawaida rifampisini ikitangulia, isoniazidi ikifuata, na pirazinamidi ikiachwa mwisho au isirudishwe kabisa.

Jioni ile mwenzangu alifungua jedwali lake, mstari wa R, safu ya alama. Baada ya "mkojo rangi ya chungwa" akaongeza kwa kalamu nyekundu: *toka siku ya kwanza*.